Gemu inaganda: ni fremu chache, au ni kigugumizi?

Wiki moja vijana wawili waliniletea laptopu zao kwa malalamiko yale yale, neno kwa neno: "Kaka, gemu inaganda." Wote walikuwa wanacheza gemu moja, ya kuendesha magari ndani ya mji mkubwa, na wote walikuwa wameshajiandikia dawa: kuuza laptopu na kutafuta nyingine yenye kadi kubwa ya picha. Nikazipanga sambamba mezani na kuwasha namba za pembeni ya kioo. Ya kwanza ikaonyesha 27 FPS, ya pili 57. Mwenye 57 akamcheka mwenzake.

Nikawaambia wabadilishane. Baada ya kona tatu, yule wa 27 akairudisha ile ya 57 na kusema, "Hii inanikosesha kona. Yangu nzito, lakini najua gari iko wapi."

Maneno hayo yana uchunguzi mzima ndani yake. Mashine moja ilikuwa na fremu chache zinazokuja kwa mwendo sawa. Nyingine ilikuwa na fremu nyingi zinazokuja kwa kigugumizi. Mtaani yote mawili tunayaita kuganda, ila dawa zake hazifanani hata kidogo, na namba ya FPS peke yake haiwezi kukwambia unaumwa ipi.

Sekunde moja, namba moja, mambo mawili

FPS ni hesabu ya fremu zilizotoka katika kipindi fulani, mara nyingi kama sekunde moja, halafu programu inakuandikia wastani. Muda wa fremu ni kitu kingine: milisekunde ngapi zimepita kati ya fremu moja na inayoifuata. Ukigawanya 1000 kwa FPS unapata wastani wa muda huo. Kwa hiyo 60 FPS ni milisekunde 16.7, 30 FPS ni 33.3, na 27 ni kama 37.

Sasa chukua sekunde moja ya laptopu ya pili. Fremu 58 zimetoka kila moja kwa milisekunde 15. Jumla 870. Fremu moja iliyobaki imechukua milisekunde 130. Jumla 1000, fremu 59. Namba ya pembeni inakuandikia 59 FPS, na kwa namba hiyo ungesema mashine ni nzima. Lakini ndani ya sekunde hiyo hiyo picha imesimama kwa muda ambao fremu karibu tisa zilipaswa kupita. Kama ulikuwa unakata kona, ukuta umekukuta picha ikiwa imesimama.

Kuna kigugumizi cha aina nyingine ambacho hakina fremu moja kubwa. Fremu inachukua 10, inayofuata 23, kisha 10, kisha 23. Wastani ni 16.5, yaani namba inasema 60, lakini jicho linashika ile mipigo mirefu na mwendo unaonekana wa kutetemeka. Enzi za kuunganisha kadi mbili za picha zikipokezana fremu, hili ndilo lilikuwa lalamiko kubwa. Mwaka 2011 tovuti ya The Tech Report ilianza kupima kadi kwa muda wa kila fremu badala ya wastani wa FPS, na upimaji wa kadi ukabadilika tangu hapo. Leo kadi mbili hazipo tena katika mashine za kawaida, lakini mstari wa kupanda na kushuka bado tunauona, mara nyingi pale prosesa inapohangaika.

Kuiwasha grafu, na kosa la mizani

Ili kuuona muda wa fremu ukichorwa kama grafu, kwenye Windows wengi wanatumia MSI Afterburner, inayokuja pamoja na RivaTuner. Fungua mipangilio, nenda `Monitoring`, chagua `Frametime`, weka tiki kwenye `Show in On-Screen Display`, kisha hapo pembeni ubadilishe `text` iwe `graph`. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Wanabaki na namba ya milisekunde inayobadilikabadilika, nayo haikusaidii kuliko FPS. Washa pia `GPU usage`, `Memory usage`, `RAM usage` na matumizi ya kila kiini cha prosesa.

Kwenye Linux kuna MangoHud. Faili lake la mipangilio linaweza kuwa fupi hivi:

```
fps
frame_timing
gpu_stats
cpu_stats
core_load
vram
ram
swap
```

Kwenye Steam unaandika `mangohud %command%` katika sehemu ya amri za kuanzishia gemu.

Kabla ya kusoma chochote, angalia mizani ya grafu. MangoHud kwa kawaida inachora kuanzia 0 hadi 50, hivyo mwiba wa 60 na mwiba wa 200 unaweza kuviona vyote vimegota darini. Ukiwasha `dynamic_frame_timing`, mizani inajirekebisha kufuata fremu zilizopo, na hapo mawimbi ya milisekunde moja au mbili yanachorwa kama Usambara. Nimeshaona mtu akiuza kadi nzima kwa sababu ya milima ya aina hiyo. Kwenye Afterburner unaweka mipaka mwenyewe chini ya `Graph limits`, na kwa mashine za kawaida mimi huweka 0 hadi 100.

Jambo la pili: hapa kupanda ni kubaya. Macho yaliyozoea FPS husoma kinyume. Mstari ukiruka juu, fremu imechelewa.

Sakafu na miiba

Ukishaiona grafu, jiulize maswali mawili tu. Sakafu ya mstari iko wapi? Na je, mstari unakaa kwenye sakafu yake?

Laptopu ya kwanza ilikuwa na mstari kama kamba iliyokazwa, umelala kwenye 37, ukitikisika kati ya 35 na 39. Hakuna mwiba. Kadi ya picha, iliyo ndani ya prosesa, ilikuwa kwenye asilimia 98 au 99 muda wote. Huo ni wastani mdogo mtupu: kila fremu ni nzito kiasi kile kile, na kadi inazichora kwa uwezo wake wote.

Ya pili sakafu yake ilikuwa 15 hadi 17, chini kabisa, pazuri. Lakini kila baada ya sekunde chache mstari uliruka hadi 80, mara 110, mara 130, kisha ukarudi pale pale. Na matumizi ya kadi ya picha yalikuwa yanaporomoka kwenye miiba hiyo hiyo, kutoka asilimia 90 hadi 50 na kitu. Hiyo ni dalili ya kuishikilia: wakati wa mwiba kadi haikuwa imezidiwa, ilikuwa imekaa bure ikisubiri kuletewa kazi. Namba ya matumizi huja kwa kuchelewa kidogo kwa sababu inasomwa mara moja kwa sekunde, hivyo usitegemee ishuke sekunde ile ile ya mwiba.

Jaribio la kushusha ukubwa wa picha

Macho yanaweza kudanganya, ila kuna jaribio moja linalotenganisha haya mawili vizuri kuliko yote ninayoyajua. Simama sehemu moja ya gemu, au pita barabara ile ile, kwanza kwenye 1080p kisha kwenye 720p. Usiguse kitu kingine.

Laptopu ya kwanza: 1080p mstari ulikuwa 37. Kwenye 900p ukashuka hadi 28. Kwenye 720p ukafika 20. Mstari wote ulishuka pamoja kama maji kwenye ndoo. Pikseli za 720p ni chini ya nusu ya zile za 1080p, na kazi ya kadi ikapungua karibu kwa kiasi hicho.

Laptopu ya pili: sakafu ikashuka kutoka 16 hadi 12, miiba ikabaki 80, 110, 130, sehemu zile zile. FPS ikapanda hadi kama 75 na kijana akashangilia. Gemu ikaendelea kuganda vile vile. Tena ikaonekana imezidi kuganda, kwa sababu fremu ya 130 katikati ya fremu za 12 inajitokeza zaidi kuliko katikati ya zile za 16. Kinachosubiriwa wakati wa mwiba si pikseli, kwa hiyo kupunguza pikseli hakukigusi.

Kuna tokeo la tatu: sakafu iko juu, hakuna miiba mikubwa, lakini kushusha ukubwa wa picha hakubadilishi kitu. Hapo wastani ni mdogo kwa sababu ya prosesa, si kadi. Usitazame asilimia ya jumla ya prosesa. Prosesa yenye viini vinane inaweza kuonyesha asilimia 30 huku kiini kimoja kikiwa kimefika 100, na gemu nyingi zina kazi moja kubwa inayokaa kwenye kiini kimoja. Ndiyo maana ya `core_load`.

| | Wastani mdogo | Kigugumizi |
|---|---|---|
| Umbo la mstari | Kamba iliyolala juu | Sakafu chini, miiba mirefu, au msumeno |
| Kadi ya picha | 97–99% bila kushuka | Inashuka penye miiba |
| Ukishusha hadi 720p | Mstari wote unashuka | Sakafu inashuka, miiba inabaki |
| Mkononi | Nzito lakini unaizoea | Nyepesi, kisha inakukosesha |
| Pesa iende wapi | Kadi, baada ya kushusha mipangilio | RAM, SSD, au hakuna cha kununua |

Mwiba unatoka wapi

Kwa wastani mdogo hakuna mengi ya kuchimba. Kigugumizi ndicho kinachohitaji upelelezi, na njia yake ni kupita barabara ile ile mara mbili bila kufunga gemu.

Miiba ikitokea safari ya kwanza na kutoweka safari ya pili, mara nyingi ni sheda, zile programu ndogo za kuchorea mwanga na nyuso za vitu, ambazo mashine inazitengeneza papo hapo inapokutana nazo mara ya kwanza. Zikishatengenezwa zinahifadhiwa. Ndiyo maana gemu inaweza kuwa mbovu siku ya kwanza, ikawa nzuri siku ya tatu, kisha ikarudia ubovu baada ya kusasisha draiva ya kadi, kwa sababu hifadhi ile huanza upya. Hapa hakuna kifaa cha kununua. Kama gemu ina hatua ya kuandaa sheda mwanzoni, iache imalize, hata ikichukua dakika kadhaa.

Miiba ikirudi kila unapoingia mtaa uleule, gemu inavuta vitu kutoka mahali pa polepole. Tazama namba tatu: kumbukumbu ya kadi, RAM, na `swap`. Kadi ya GB 4 ikionyesha imejaa, tekscha zinahamishiwa RAM na kurudishwa, na dawa ni kushusha `Texture Quality` ngazi moja. RAM ikijaa, Windows inaanza kutumia diski kama RAM, na kama diski ni ile ya kuzunguka, hesabu umekwama.

Halafu kuna miiba inayokuja kwa saa. Kila sekunde moja, tik, tik, tik, hata ukiwa umesimama. Hapo mshuku mpimaji mwenyewe. Afterburner inasoma vihisi vya mashine kila milisekunde 1000, na baadhi ya vihisi kwenye baadhi ya mashine humfanya prosesa asimame kidogo. Badilisha `Hardware polling period` iwe 3000. Miiba ikihamia kila baada ya sekunde tatu, umemkamata. Zima vihisi kimoja kimoja hadi umpate mhusika.

Miiba ya kwenye kupakia ramani, kuhifadhi gemu, au unaporuka kwenda dirisha jingine na kurudi, iache. Kila mashine inayo.

Kuhusu ile namba ya 1% Low

Wengine watakwambia usihangaike na grafu, tazama `1% Low`, yaani FPS ya ile asilimia moja ya fremu zilizochelewa zaidi. Inasaidia. Laptopu ya kwanza ilikuwa na wastani wa 27 na `1% Low` ya 24, zimekaribiana. Ya pili ilikuwa na 57 na 19. Pengo la namna hiyo ni kigugumizi.

Lakini iangalie kwa makini. Dakika moja ya 57 FPS ni fremu 3420, na asilimia moja yake ni fremu 34. Kama gemu yako ina miiba mitano tu kwa dakika, mirefu ya kukukosesha kona tano, programu inayotafuta ule mpaka wa asilimia moja haitaigusa, na namba itatoka safi kabisa. Programu nyingine huchukua wastani wa ile asilimia moja mbaya, hivyo miiba mitano itaonekana kidogo. Kwa hiyo namba ya programu moja usiipambanishe na ya programu nyingine. Grafu haina ubishi huo. Mwiba ukiwepo, unauona.

Mstari ulionyooka, picha inayotetemeka

Sehemu moja grafu inashindwa, na niliipata kwa laptopu ya kwanza. Tulipoishusha hadi 900p, mstari ukawa 28, yaani kama FPS 36. Kijana akaomba tushushe vitu vingine kidogo ili tuifunge kwenye 40. Tukafanya hivyo, tukaweka kikomo cha 40 kwenye RivaTuner, na mstari ukanyooka kwenye 25 kana kwamba umepigwa rula. Lakini gari likawa linatetemeka kwa macho.

Kioo chake ni cha 60 Hz, kinabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Fremu ya 25 ni kipindi kimoja na nusu, na kioo hakina nusu. Kwa hiyo fremu moja inakaa kipindi kimoja, inayofuata viwili, 16.7 kisha 33.3, mfululizo. Grafu hupima lini gemu imetoa fremu, haipimi lini kioo kimeionyesha. Kwenye kioo cha 120 Hz, 40 ingekaa sawasawa, kila fremu vipindi vitatu. Kwenye 60 Hz bila teknolojia ya kioo kufuata kadi, namba zinazogawanyika vizuri ni 60 na 30.

Tukaenda 30, kwenye 900p, mwanga na vivuli tukavirudisha juu kwa sababu kulikuwa na nafasi: 28 iko chini ya 33.3. Tungeweza pia kuiacha 720p ikimbie karibu na 50. Mimi kwa gemu ya magari ningechagua 50 yenye ukungu. Yeye alipenda 30 safi. Laptopu ni yake.

Ya pili ilikuwa na RAM ya GB 8, kijiti kimoja, na diski ya kuzunguka. Ndani ya mji RAM ilikuwa imefika 7.6 na taa ya diski haizimi. Tukaongeza kijiti cha pili cha GB 8, mipangilio mingine tukaiacha. FPS ya wastani ikatoka 57 hadi 61, ongezeko ambalo kwenye tangazo lisingemshawishi mtu. Ila miiba ya 130 ikatoweka. Ikabaki michache ya 40 hadi 50, na kila mmoja ulionekana mara moja tu, tulipoingia mtaa ambao hatujawahi kuupita. Kikomo cha FPS hatukukiweka: kikomo hunyoosha mawimbi madogo ya sakafu, lakini fremu inayosubiri diski itasubiri vile vile hata ukifunga kwenye 30.

Kuhamishia gemu kwenye SSD tumekubaliana afanye mwisho wa mwezi. Akishaihamisha, atapita tena ile barabara ya kutoka bandarini kwenda katikati ya mji mara mbili, grafu ikiwa kwenye 0 hadi 100, anipigie picha ya kioo.